Fileti hudanganya kidole

Swali la wiki: "Mgeni mmoja anataka steki yenye damu, mwenzake anataka iliyoiva kabisa. Mpishi unajuaje imefika bila kuikata: kwa kidole au kwa kipimajoto?"

Mimi natumia vyote viwili, ila kila kimoja na kazi yake. Napika katika hoteli ya ufuoni hapa Malindi, ambako meza moja huwa na Mtaliano anayetaka nyama nyekundu ndani, na mwenyeji wa Shela atakayeirudisha sahani jikoni akiona hata rangi ya waridi.

Kubonyeza nilifundishwa na mpishi mkuu wangu wa kwanza. Legeza kiganja cha kushoto, kisha ubonyeze kinofu kilicho chini ya kidole gumba. Hivyo ndivyo inavyobonyea nyama mbichi. Gusanisha gumba na kidole cha shahada, kinofu kitakaza kidogo: hiyo ni rea. Ukihamia kidole cha kati ni midiamu rea, cha pete ni midiamu, na kidole cha mwisho ni weli dani. Ni somo zuri kwa anayeanza, maana linamzoesha kuisikia nyama ikibadilika juu ya moto.

Lakini kidole kinapima ugumu, hakipimi joto. Kuanzia digrii 50 hivi, protini za nyama huanza kukaza. Ikivuka 60, tando zinazofunga nyuzinyuzi zake husinyaa na kukamua maji, na ikifika 70 imekuwa ngumu na kavu. Kwa hiyo ugumu na joto hupanda pamoja, ni kweli, ila kila kipande huanzia mahali pake. Fileti ni msuli usiofanya kazi nyingi, basi huwa laini ikiwa mbichi na hubaki laini hata ikipita 60. Nyama ya paja ya ng'ombe mzima aliyetembea malishoni huko Tana River huwa imekaza tangu ikiwa buchani. Ukiipima kwa kiganja chako, itakuambia imefika midiamu na kumbe ndani haijafika hata 45.

Haya niliyajua kwa hasara. Usiku mmoja wa Desemba tulikuwa na meza ya watu sita, wote fileti, wote midiamu rea. Nilibonyeza, nikazisikia laini, nikaziongeza dakika mbili kwa kuhofia zimebaki mbichi. Zilipokatwa mezani zilikuwa za kijivu tangu ukingoni mpaka karibu na kitovu. Zote sita zilirudi. Tangu siku hiyo fileti haitoki jikoni kwangu bila kuchomwa kipimajoto.

Digrii ninazofuata ni za katikati ya nyama, baada ya kupumzika. Rea ni 49 hadi 52: nyekundu, laini, ina uvuguvugu tu. Midiamu rea ni 54 hadi 57, nyekundu iliyofifia na maji mengi. Midiamu ni 60 hadi 63, waridi. Midiamu weli ni 65 hadi 68, waridi kidogo sana katikati. Weli dani ni 71 kwenda juu, na hapo haina waridi tena.

Wanaonunua kipimajoto kisha wakalalamika kwamba nyama bado inapita, mara nyingi wanaitoa motoni ikiwa tayari imefika namba waliyoitaka. Nje ya steki kuna joto kubwa kuliko katikati, na joto hilo linaendelea kuingia ndani hata ukishaitoa. Juzi nilikuwa na kipande cha salala cha gramu 300, unene sentimita 3 na nusu, cha midiamu rea, juu ya makaa makali. Nilikigeuza kila dakika. Dakika ya 6 kilisoma 38, ya 8 kikasoma 46. Kuanzia hapo sikuondoka, kwa sababu joto la katikati likishafika hapo hupanda haraka. Kiliposoma 51 nilikitoa, nikakiweka juu ya waya, si juu ya sahani, ili mvuke usilainishe ukoko wa chini. Baada ya dakika 6 kilisoma 55. Kipande cha sentimita 2 hakipandi hivyo, pengine digrii 1 au 2 tu, nacho hukitoa kikiwa kimekaribia kabisa.

Namna ya kuchoma kipimajoto nayo ina maana. Usichome kutoka juu. Ingiza ncha ubavuni, sambamba na jiko, mpaka ifike katikati ya unene, mbali na mfupa na mafuta. Kisha isukume taratibu ipite katikati na uangalie namba. Namba ya chini kabisa unayoiona ndiyo katikati yenyewe. Vile vya mshale wenye uso wa saa vinahitaji sehemu ndefu ya sindano iwe ndani ya nyama, kwa hiyo kwa steki nyembamba havifai. Chukua cha namba chenye ncha nyembamba. Wengine wanaogopa kwamba tundu litamwaga maji yote. Kinachotoka ni matone machache, na kisu ndicho kinachomwaga.

Kabla ya kukiamini, kijaribu. Jaza glasi barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, ngoja dakika moja: kisome 0. Maji yanayochemka pia yanafaa kwa sisi wa pwani, kwani hapa yanachemka kwa digrii 100. Mwenzangu mmoja alinunua kipimajoto akiwa Nairobi, akakijaribu huko kwa maji yanayochemka, kikasoma 95, akakirudisha dukani. Kilikuwa kizima. Nairobi iko juu, na huko maji huchemka kabla ya kufika 100.

Kuhusu hiyo "damu", wengi huku kwetu inawakera, nami nawaelewa. Damu ya ng'ombe hutoka anapochinjwa. Maji mekundu yanayobaki sahanini ni maji ya nyama yenye protini iitwayo mayoglobini, ambayo hugeuka kahawia joto linapopanda. Nikimweleza mgeni hivyo, wapo wanaokubali midiamu. Asiyekubali nampikia yake mpaka 71 kwa moto wa wastani, bila kununa, nikiitoa ikiwa 68 ili isikauke kupita kiasi.

Ila kuna nyama ambayo sibembelezani nayo. Vijidudu vya steki nzima viko juu, na moto unavifikia. Nyama ya kusaga, au iliyotobolewa kwa sindano za kulainishia, imevipeleka ndani, basi ya kusaga lazima ifike 71 katikati. Kwa steki nzima Wizara ya Kilimo ya Marekani inashauri 63, kisha ipumzike dakika 3, na hiyo ndiyo ninayompa mama mjamzito au mzee hata akiomba rea.

Kidole sijakiacha. Kijana ninayemfundisha sasa nimemwekea sharti: abonyeze kwanza, ataje namba kwa sauti, ndipo achome. Mwezi wa kwanza alikuwa akikosea kwa digrii 10 na zaidi. Siku hizi kwenye salala ya bucha letu anakosea kwa 3 au 4, na kidole chake kinamtosha kujua lini aanze kuchoma. Kwenye fileti bado anakosea kwa 8.