Deni Halimjui Aliyekopa

Swali la wiki: "Je, wewe hukopa salio la simu? Linakusaidia, au linakumalizia pesa?"

Mimi nauza nyanya na vitunguu Kongowea, na simu kwangu ni kama mizani, bila hiyo siuzi. Kwa hivyo nakopa, sina la kuficha. Lakini nyinyi mmemuuliza anayekopa. Mimi nataka kumsemea anayelipa, maana hawa si mtu mmoja kila wakati, na hilo nililijua kwa uchungu.

Niseme kwanza mkopo wenyewe unavyokwenda, kwa sababu nimekuta hata watu wanaokopa kila siku hawaujui vizuri. Chukua Okoa Jahazi ya Safaricom. Unabonyeza *131#, unachagua kiasi, na kiasi unachoruhusiwa hutegemea jinsi unavyoweka salio kwa kawaida. Ukichagua shilingi 100 hupewi 100. Ada ni asilimia 10 na hukatwa pale pale, kwa hivyo unaingiziwa 90, na deni linaandikwa 100. Wengi hudhani wamekopa 90 na kwamba ada itakuja kukatwa siku ya kulipa. Siku hiyo hakuna ada mpya. Inachukuliwa 100 nzima, na ile 10 ilishakwenda zamani. Ndiyo maana mtu huweka 100, akabaki na sufuri, kisha akalalamika kuwa ameibiwa.

Ukiweka salio dogo kuliko deni, lote linamezwa, na deni lililobaki linangoja salio lijalo. Na ada hii haikui. Ulipe leo jioni, ulipe keshokutwa, ni ile ile 10. Hapo ndipo inapotofautiana na Fuliza, ambayo deni likikaa huhesabiwa kwa siku. Ubaya wa Okoa Jahazi ni kwamba aliyekopa asubuhi na kulipa mchana hapati nafuu yoyote. Amelipa shilingi 10 kwa kutumia 90 kwa saa tano.

Sasa niwaambie ya mama.

Mama yangu anakaa Kaloleni, peke yake na mjukuu wake, mtoto wa kaka yangu, anayesoma sekondari. Kila Jumapili nikitoka kanisani namtumia salio la 50 kutoka kwenye M-Pesa yangu, ili akitaka kuniita aniite. Si pesa nyingi, lakini kwa mtu asiyepiga simu ndefu zinamfikisha wiki. Mtandao wa laini yake siutaji, kwa sababu kosa lilikuwa letu nyumbani. Ninachojua ni kwamba nao ulikata sehemu ya kumi vivyo hivyo.

Mwezi ule wa Agosti shule zilikuwa zimefungwa. Kabla ya hapo kulikuwa na matanga ya shangazi yetu, na mimi sikwenda. Nilikuwa na mzigo njiani, nikatuma mchango, nikabaki sokoni. Mama hakusema kitu siku ile, lakini mimi namjua, akinyamaza ndipo amesema.

Jumapili ya kwanza nikatuma 50. Jumatatu hakupiga, Jumanne hakupiga. Nikajiambia ana shughuli za shamba. Jumapili ya pili nikatuma 50 nyingine, kimya. Ya tatu, vivyo hivyo. Ningeweza kumpigia mimi, na hapa sijisafishi: sikupiga. Nilijiambia, salio anatumiwa, asipopiga ni kwamba hataki. Nikaanza kumjibu moyoni. Nilikuwa napanga nyanya kwenye mafungu huku najitetea kwa mtu ambaye hayupo, kwamba hiyo mboga niliyobaki nikiuza ndiyo inayolipa karo ya huyo mjukuu wake.

Jumapili ya nne nikapanda matatu kupitia Mariakani. Nilimkuta chini ya mkorosho anachambua kunde. Akanitazama, akasema, "Umekuja." Nikasema nimekuja. Akaendelea kuchambua. Baadaye sana, nimeshakunywa na chai, akasema polepole, "Nilidhani umechoka nami. Nikikupigia, yule mwanamke wa kwenye simu ananiambia sina salio. Nikasema basi, mwanangu ameacha kunitumia."

Nikaomba simu. Kweli, sufuri. Mama hasomi, ujumbe ukiingia anaufungua tu ile bahasha ipotee. Nikazisoma zote chini ya ule mkorosho, moja moja, kutoka ya zamani. Mkopo wa 100, umepokea 90. Salio 50 limepokelewa, 50 imekatwa, deni lililobaki 50. Salio 50, imekatwa 50, deni limekwisha. Halafu siku ile ile jioni: mkopo wa 50, umepokea 45. Jumapili iliyofuata, imekatwa 50.

Mjukuu alikuwa jikoni, na kimya chake kilinitosha. Alikopa 100 akanunua bando. Salio langu la Jumapili mbili likalilipa lile deni. Laini ilipokuwa safi akaokoa tena 50, na Jumapili ya tatu nikamlipia hiyo. Nimetuma 150, mama hakupata hata ya kusema "hujambo". Kijana alitumia 135 na ada ikala 15. Hakuiba, kwa maana ya kutia mkono mfukoni mwa mtu. Ukimuuliza atakwambia alikopa, na mkopo umelipwa. Nami ndiye niliyelipa, bila kujua kuna deni, kwa wiki tatu ambazo mimi na mama yangu kila mmoja aliamini mwenzake amemwekea kinyongo.

Hiyo 15 si kitu, fungu moja la nyanya linairudisha. Kinachoniuma ni kwamba deni la salio hufuata laini, halimfuati aliyekopa. Linajua nambari tu. Yeyote atakayeiwekea salio nambari ile analipa yeye, na kwenye M-Pesa yangu mimi nilisoma tu kwamba nimenunua salio la 50 kwa nambari fulani. Taarifa ya kukatwa ilikwenda kwenye simu ya mama, kwa mtu asiyesoma.

Nilipoanza kuandika jibu hili nilikuwa nimeshaamua niseme wazi: laini ya mzee, na laini yoyote inayowekewa salio na mtu mwingine, isikope kabisa. Bado naona ndivyo kwa wengi. Ukitumiwa na mwanao, na mumeo au na tajiri wako wa kazi, kukopa bila kumwambia ni kumkopea yeye. Mwambie kwanza. Na wewe unayetuma, usipoona simu uliyoitarajia usihukumu. Muulize mtu wa pale nyumbani akusomee ujumbe wa mwisho.

Kuna na mkopo mwingine ambao kwangu si wa busara, nao ni ule wa kila siku. Jirani yangu wa meza, anayeuza ndimu, alikuwa akiweka 100 kila baada ya siku nne tano, na kila akiweka inamezwa yote, anaokoa 100 tena, anapata 90. Nilimwambia, dada, wewe hukopi tena, wewe umehamia bei nyingine. Kredo yako wewe ni 90 kwa 100. Mara sita kwa mwezi hiyo ni shilingi 60, na hana mkopo wowote wa maana unaomsaidia, ni ule ule wa kwanza anaouzungusha. Dawa yake ni moja tu, kuweka 200 siku moja badala ya 100. Mia ya kwanza inaziba deni, ya pili inabaki yake, na kuanzia hapo kila 100 ni 100. Alingoja siku ya mauzo mazuri akafanya hivyo. Ugumu uko kwenye hiyo mia moja ya ziada, nami siwezi kumlaumu asiyekuwa nayo.

Halafu kuna wanaokopa na pesa wanazo. Kwenye M-Pesa kuna 40 imekaa, lakini kidole kimezoea kuokoa. Kununua salio kutoka M-Pesa hakuna ada, na shilingi 20 inaingia 20. Tazama huko kwanza. Na kama unayempigia ni mtu wako wa karibu, kwa Safaricom unaweza kuweka alama ya # mbele ya nambari yake, akikubali yeye ndiye anayelipia. Mimi wateja siwapigii hivyo, ni aibu. Dada yangu nampigia.

Lakini siwezi kusema msikope, nitakuwa mwongo. Kuna usiku lori la nyanya lilikuwa limefika, dalali ananingoja, simu haina kitu na M-Pesa nimeikausha kulipia mzigo wenyewe. Niliokoa 50, nikapata 45, nikampigia dalali dakika mbili, akanishikia makreti manne. Nisingepiga yangechukuliwa na mwingine, na asubuhi ningekuwa na meza tupu. Shilingi 5 kwa meza nzima ya nyanya. Ada ile niliilipa kwa moyo safi, na ningelipa hata mara tatu yake. Simu moja, unajua unampigia nani na itakuletea nini, na salio la kulipia unajua linatoka wapi kesho. Hapo kopa.

Na kwa mama? Siku ile chini ya mkorosho nilitaka kupiga huduma kwa wateja niombe laini yake izuiwe kukopa. Mama akaniuliza, "Nikiugua usiku na sina salio?" Sikuwa na jibu. Kutoka kwake hadi kwa bodaboda wa kumpeleka zahanati ni mwendo, na gizani haendi.

Basi tukaliacha wazi. Kijana niliongea naye, simu ya bibi sasa inalala chini ya mto wa bibi. Mama mwenyewe amefundishwa kuokoa 20, si zaidi, kwa kuhesabu vibonyezo kwa vidole kwa sababu hasomi, na akiokoa ananiambia. Ameokoa mara mbili tangu wakati ule. Mara zote mbili Jumapili yake nilituma 70, ili 20 ikikatwa abaki na 50 yake.

Msomaji, Kongowea, Mombasa