Nilimhurumia sana, ndiyo maana sikurudi wodini

Mtoto wa jirani yangu ana selimundu. Kwa asiyeujua ugonjwa huu: chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo na laini, hupinda kama mundu na kukwama kwenye mishipa midogo. Pale damu inaposhindwa kupita, mwili huuma, na maumivu yenyewe ni ya ndani ya mifupa.

Mwaka juzi alilazwa siku sita. Siku ya kwanza nilimkuta amejikunja, analia kwa sauti ndogo ya mtu aliyechoka kulia. Nami nina mtoto wa umri uleule, basi ghafla nikamwona wangu pale kitandani. Tumbo likanikaza, machozi yakanitoka, na mama yake akamwachia mwanawe mkono akaja kunibembeleza mimi. Siku ya pili nilikaa dakika kumi nikaaga kwamba nina kikao. Sikuwa na kikao. Siku ya tatu nikatuma elfu ishirini kwa simu, na ujumbe: “Pole sana dada, Mungu yupo.” Baada ya hapo kimya. Hata aliponipigia, niliitazama simu mpaka ikakata.

Mtu angesema sina huruma. Tatizo ni kwamba neno hili huruma tunalibebesha mizigo mitatu, na mimi niliibeba miwili nikaangusha wa tatu.

Mzigo wa kwanza ni kuhisi pamoja: uchungu wa mwenzio unaingia mwilini mwako, unaumwa naye. Wa pili ni kusikitika: unajua yamemfika, unasema pole, ila umesimama upande wako wa mto. Ujumbe wangu wa simu ulikuwa huo, na siudharau, kwani pole ina mahali pake. Wa tatu ni ule ambao watu wa pwani huuita kumwonea mtu imani: unauona uchungu wake, unamtakia nafuu, na mwili wako unaelekea kwake. Siku zile wifi wa jirani yangu alikuwa nao. Alifika, akavua viatu, akakaa kwenye kona ya kitanda, akaanza kumsugua mtoto miguu. Hakulia, na kwa siri nikamwona ana moyo mgumu.

Tofauti hii ilikuja kunielea nilipokutana na kazi ya mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Batson. Katika jaribio alilochapisha na wenzake 1981, watu walitazama kwenye skrini mwanamke aitwaye Elaine akipigwa shoti za umeme. (Hakuwa akipigwa kweli, lakini hawakujua.) Kisha waliulizwa kama wangekubali kuchukua nafasi yake. Baadhi walikuwa wameambiwa kwamba wakikataa, itabidi waendelee kumtazama mpaka mwisho. Wengine waliambiwa wameshatazama ya kutosha, wanaweza kujiondokea.

Hapo ndipo watu walipoachana njia. Wale ambao hali zao zilikuwa zimetengenezwa ili wasivutwe sana na Elaine, yaani walichokuwa nacho zaidi ni ile adha ya kutazama, wengi walisaidia pale tu mlango wa kutokea ulipofungwa. Ukiwa wazi, chini ya mmoja kati ya watano alijitolea. Wale waliovutwa kumjali Elaine mwenyewe walijitolea kwa wingi hata walipokuwa huru kuondoka. Sababu yake ni rahisi ukishaiona. Ukiwa unaumwa na uchungu wako, kumsaidia mwenye shida ni njia moja tu ya kuutuliza. Kuondoka ni njia nyingine, na ni nafuu zaidi. Elfu ishirini zangu zilikuwa nauli ya kuondokea.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ukiwa kando ya mgonjwa ni hili: sasa hivi nataka yeye apate nafuu, au nataka mimi niache kuhisi hivi? Majibu huja mwilini kabla ya kichwani. Mimi huanza kubana pumzi, kisha natazama simu, kisha naanza kusema maneno mengi ya kumtaka anyamaze: “usilie, yataisha, jikaze”. Mtoto hakuuliza kama yataisha. Maneno yale nilikuwa najiambia mimi. Ukijiona unamharakisha mtu atoke kwenye maumivu yake, ujue umeshaanza kutafuta mlango.

Sasa, ufanyeje? Ushauri wa “jiweke kwenye nafasi yake” ndio ulioniangusha. Batson na wenzake walilipima pia hili, 1997: waliosikiliza habari za mtu mwenye shida huku wakijiwazia wao wangejisikiaje waliishia na adha kubwa kuliko waliowaza yeye anajisikiaje. Maneno yanafanana lakini kazi ni tofauti. Nilipomweka mwanangu kwenye kitanda kile, mtoto aliyekuwa amelala pale alitoweka. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nilikuwa nauiba uzazi usio wangu. Siku hizi namtazama yeye: anashika wapi, anageukia upande gani, midomo imekauka? Wenye selimundu wanahitaji maji na joto, na hayo huyaoni ukiwa umefumba macho unalia.

La pili linahusu kile unachokifanya na uchungu ukishakuingia, maana utakuingia tu. Mwaka 2007 mtafiti Tania Singer alimweka mtawa wa Kibudha Mfaransa, Matthieu Ricard, kwenye mashine ya kupima ubongo, akamwomba ahisi tu mateso ya wengine bila kuongeza kitu. Ricard akawawazia watoto yatima wa Romania waliotunzwa vibaya. Baada ya muda akawa hoi. Akaomba aruhusiwe kuongeza upendo, kuwatakia wale watoto wema, na uchovu ukamtoka ingawa mateso aliyokuwa akiyawaza ni yaleyale. Baadaye Olga Klimecki, Singer na wenzao waliwafundisha watu wa kawaida hatua hizo mbili kwa mpangilio huohuo. Mafunzo ya kuhisi pamoja yaliwaongezea hisia mbaya walipotazama video za watu wanaoteseka, na mafunzo ya huruma ile ya tatu yaliyofuata yakazishusha na kuleta hisia njema.

Mimi si mtawa, kwa hiyo nafanya kwa kiasi changu. Nikihisi tumbo linakaza naruhusu pumzi ndefu moja, namtazama mtoto, na kimoyomoyo namwambia: upoe, mwanangu, upoe. Ni dua fupi. Kisha mkono unatafuta kazi ndogo. Ila angalia na hapa kuna mtego, kwa sababu kazi nayo inaweza kuwa njia ya kutoroka. Kuna siku nilienda kununua uji, maji na machungwa kwa safari tatu tofauti.

Wala haya hayatibu kila uchovu. Anayeuguza usiku na mchana peke yake anahitaji mtu wa kupokezana naye.

Jirani nilimwomba radhi miezi baadaye. Akaniambia, “Mimi sikutaka pesa, dada. Nilitaka mtu anishikie mtoto nikaoge.”

Mtoto alilazwa tena Juni iliyopita. Nilikwenda saa kumi na moja jioni, nikamsugua miguu dakika arobaini, mama mtu akaenda kuoga. Mtoto alilia, na mimi macho yalinilengalenga. Halafu akaniambia nasugua vibaya, wifi anasugua vizuri zaidi.