Nusu Uliyoifunika Bado Inaweza Kufanya Kazi

Kila kundi jipya la vijana linapoingia katika chumba chetu cha kazi hapa Kampala, najua kwamba haitachukua muda mrefu kabla sijamkuta mmoja wao ameinamia skripti ya Bash yenye mistari zaidi ya mia mbili, akiisoma kutoka juu hadi chini, kisha akianza tena. Wadogo zangu, nawapenda, na ndiyo sababu nawasihi muache kusoma na muanze kukata. Njia yenyewe mnaijua: funika nusu ya skripti ili Bash isiiendeshe, endesha iliyobaki, tazama kama kosa bado lipo, kisha endelea na nusu iliyobaki na kosa. Mistari 240 huwa 120, halafu 60, 30, 15, 8, 4, 2, na hatimaye 1, yaani hatua 8 tu.

Hesabu hiyo huwa sahihi kwa sharti moja, nalo ndilo linalovunjwa kila mwaka mbele ya macho yangu: nusu uliyoifunika lazima iwe imekufa kabisa. Katika Bash kuna namna za kufunika zisizoua, na kuna mahali ambapo hata alama ya reli, yaani `#`, haifuniki chochote.

1. Ukifunika mistari mingi kwa pamoja, weka alama za kunukuu kwenye neno linalofungua kifuniko, si linalokifunga.

Kijana mmoja aliyejiunga nasi alikabidhiwa skripti ya mnada wa ng'ombe wa Moroto. Kila siku ya mnada skripti hiyo husoma faili la mauzo, hukokotoa wastani wa bei, huuonyesha kwenye skrini, humwuliza mwendeshaji kama aendelee, na akikubali huwatumia wafanyabiashara ujumbe mfupi wa Kiswahili. Siku hiyo wastani ulionekana kuwa 0. Kijana alifanya jambo la busara, akajibu hapana, kisha akaamua kutafuta kosa kwa kukata nusu kwa nusu. Kwa kuwa hakutaka kuandika alama ya reli kwenye kila mstari, alifunika sehemu yote ya chini hivi:

```
: <<MWISHO
read -p "Niendelee? " jibu
[ "$jibu" = ndiyo ] || exit
matokeo=$(./tuma.sh "$wastani")
MWISHO
```

Amri ya nukta mbili haifanyi kitu, na maandishi yaliyo kati ya maneno mawili ya `MWISHO` hupelekwa kwake yakapotea. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo inavyoonekana. Lakini neno la kwanza likiandikwa bila alama za kunukuu, Bash hupitia maandishi hayo kwanza na kubadilisha kila chenye alama ya dola: thamani huwekwa mahali pake, na kila amri iliyo ndani ya `$( )` huendeshwa ili matokeo yake yaingizwe kwenye maandishi. Kwa hiyo mstari wa `read` uligeuka maandishi matupu, mstari wa `exit` pia, ila `./tuma.sh` iliendeshwa kwa ukamilifu wake, ikiwa na wastani wa 0 uliokokotwa juu. Ulinzi ulikufa, hatari ikabaki hai. Na kwa kuwa kijana alikuwa akitafuta kosa katika nusu ya juu kwa kukata na kuendesha, kila hatua aliyopiga iliwapelekea wafanyabiashara ujumbe mwingine uliosema kwamba ng'ombe wana bei ya shilingi 0.

Nawaomba mkae na jambo hili kidogo. Hakuna kilichoonekana kwenye skrini yake. Matokeo ya `tuma.sh` yaliingia ndani ya maandishi yaliyotupwa, hivyo hakuona hata neno moja. Tulijua kwa sababu simu ya ofisi ililia, na mzee mmoja aliyekuwa njiani na mifugo yake akauliza, kwa sauti ya mtu aliyejizuia, "Mwanangu, nirudi nyumbani au niendelee kutembea?" Wengine walikuwa wameshageuza njia. Salio la ujumbe lilikuwa limepungua, na ilitubidi tuwapigie watu mmoja mmoja kueleza. Kijana yule alilia, na sikumkemea, kwa sababu alifuata njia iliyo sahihi na akaponzwa na alama mbili ndogo ambazo hakuna aliyemwonyesha:

```
: <<'MWISHO'
```

Ukiandika hivyo, Bash haigusi chochote kilicho ndani. Njia nyingine ni kuandika `exit` mahali unapotaka skripti ikomee, nayo ni salama zaidi kwa skripti inayoshuka moja kwa moja. Aidha, kabla ya hatua ya kwanza ya kukata, fanya kila amri inayotuma, inayofuta au inayolipa isiweze kufanya hivyo. Ikiwa skripti yako inaiita kwa jina kama `$TUMA`, andika `TUMA=echo` mara baada ya mstari unaoipa `TUMA` thamani yake.

Wastani ule wa 0, kwa taarifa yenu, ulitokana na mstari uliopitisha faili kwenye `| while read`. Kitanzi kilicho upande wa kulia wa bomba huendeshwa katika ganda dogo la pembeni, na jumla iliyokusanywa humo hupotea kitanzi kinapokwisha. Kitanzi kikisomeshwa kwa `done < <(tail -n +2 mnada.csv)`, jumla hubaki.

2. Alama ya kunukuu ikiwa haijafungwa, usifunike, kata.

Skripti ileile, baadaye, mikononi mwa kijana mwingine, ilikataa kwa maneno haya:

```
mnada.sh: line 214: unexpected EOF while looking for matching `''
```

Skripti ilikuwa na mistari 240. Alifungua mstari wa 214, akaukuta mzima, na kweli ulikuwa mzima. Namba ile ni ya mahali alama ya mwisho ilipofunguka bila kufungwa, si ya mahali mkanganyiko ulipoanza. Alama moja ikizidi, kila iliyokuwa ikifungua hufunga, na iliyokuwa ikifunga hufungua, hadi mwisho wa faili.

Akaanza kukata, vizuri tu. Alitia alama ya reli kwenye mistari ya 121 hadi 240, na kwa kuwa ni mtu nadhifu, aliandika juu yake maelezo: `# hapa chini ni mauzo ya ng'ombe`. Akaendesha `bash -n mnada.sh`, ambayo husoma sintaksia bila kuendesha amri yoyote. Kimya. Akahitimisha kwamba kosa limo katika nusu ya chini, akakesha humo akikata robo na nusu ya robo, asipate kitu.

Kosa lilikuwa juu, katika mstari wa 87:

```
ujumbe='Bei ya ng'ombe leo imepanda.'
```

Ritifaa ya ng'ombe ilifunga nukuu mapema, na alama ya mwisho wa sentensi ikafungua nyingine. Kuanzia hapo, kila kitu kati ya nukuu zilizofuata kilikuwa ndani ya maandishi, na ndani ya maandishi yaliyonukuliwa alama ya reli ni herufi kama herufi nyingine. Bash haikuyaona maelezo yake kuwa maelezo. Iliyasoma hadi ikakutana na ritifaa ya ng'ombe wa pili, ikafunga nukuu iliyokuwa wazi, na tangu hapo hesabu ya alama ikakaa sawa. Kosa halikuondolewa kwa kufunikwa nusu ya chini. Lilizibwa na neno aliloliandika mwenyewe akiwa anafunika. Sisi tunaoandika ujumbe kwa Kiswahili tutakutana na hili kwenye ng'ombe, ng'ambo na kung'oa, kwa hiyo ujumbe wenye ritifaa uwekwe ndani ya alama mbilimbili za kunukuu.

Kwa kosa la namna hii, tumieni kipande cha juu cha faili peke yake, kisiwe na chochote chini yake:

```
head -n 120 mnada.sh | bash -n
```

Hatua zilikwenda hivi. Mistari 120 ya kwanza ilitoa kosa lilelile, safari hii ikitaja mstari wa 112, na kuhama huko kwa namba kutoka 214 kulionyesha kwamba haikuwa ya kuaminiwa. Mistari 60 ilikuwa kimya, kwa hiyo kosa lilikuwa kati ya 61 na 120. Mistari 90 ilitoa kosa, ikitaja 87. Mistari 75 ilikuwa kimya. Mistari 86 ilikuwa kimya, na 87 ikatoa kosa. Hapo huhitaji tena kukisia, kwa sababu mstari mmoja ulioongezwa ndio uliogeuza jibu.

3. Lijue kosa lako kwa maneno yake.

Ukikata katikati ya `if` au `for`, utapata `syntax error: unexpected end of file`. Hilo umelitengeneza wewe kwa kukata. Sogeza mpaka hadi baada ya `fi` au `done`. Vijana wengi huhesabu kosa lolote kuwa "bado lipo", na hapo hatua zote zinazofuata huelekea pasipo. Vivyo hivyo, ukifunika nusu ya juu na skripti ina `set -u`, nusu ya chini italalamika `unbound variable`, kwa kuwa thamani ilizozitegemea hazipo. Ziandikie thamani za muda, kwa mfano `jumla=18500000` na `idadi=10`, ambazo wastani wake unaujua kichwani.

4. Jaribu nusu zote mbili katika hatua ya kwanza.

Hiki ndicho wengi huruka kwa haraka, nacho kingemwokoa yule kijana wa pili, kwa maana kama angefunika mistari ya 1 hadi 120 na kuiacha ya chini wazi, angeiona kimya, na angejua papo hapo kwamba majaribio yake mawili yanapingana. Nusu zote mbili zikitoa kosa, una angalau makosa mawili, na unatafuta moja baada ya jingine. Zote zikiwa kimya, na una hakika kwamba kufunika kwenyewe hakukuliziba kosa, basi liko katika jinsi sehemu hizo zinavyotegemeana, na kukata katikati hakutalifikia: badala yake ondoa sehemu ndogondogo huku pande zote mbili zikiwepo.

5. Weka nakala ya asili kabla ya kukata.

Anza kwa `cp mnada.sh mnada.asili.sh`. Ukishamaliza na kurekebisha, endesha `diff mnada.asili.sh mnada.sh`. Katika kisa cha pili, matokeo yalipaswa kuonyesha badiliko katika mstari wa 87 tu. Yalionyesha na 190 pia, ambako alama ya reli ilikuwa imesahaulika mbele ya mstari unaouliza "Niendelee?", nasi tukaiondoa kabla skripti haijarudi kwenye seva.