Katoni moja ya Tandika

Barua ya mtengenezaji ilitufikia Ijumaa saa nne asubuhi: sharubati ya paracetamol ya watoto, bechi 24B017, isitishwe kuuzwa na irudishwe yote. Ghala letu liko Vingunguti, tunauzia maduka ya dawa ya rejareja na maduka ya dawa muhimu kuanzia Gongo la Mboto hadi Mbagala. Mimi ndiye niliyefunga mfumo wa ERP pale, yaani programu ya kuendesha stoo na mauzo, tunatumia Odoo, kwa hiyo nilikaa kwenye kompyuta nikiwa na uhakika kwamba kabla ya swala ya Ijumaa orodha ya wateja itakuwa mezani.

Nikaandika namba ya bechi. Mfumo ukasema tulipokea katoni 30. Mtunza stoo, mtu mzima aliyenizidi miaka mingi, akatikisa kichwa. "Mdogo wangu, zile zilikuwa arobaini. Nilizishusha mwenyewe." Alikuwa sahihi. Katoni 10 za mzigo wa pili ziliandikwa 24BO17, herufi O mahali pa sifuri. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa mfumo ni bechi mbili tofauti. Tangu siku ile hakuna anayechapa namba ya bechi kwa mkono kama katoni ina msimbo wa GS1, ule wa kuskani wa viwango vya kimataifa. Ukiiskani unapata tarehe na bechi pamoja, kwa mfano:

```
(17)260900(10)24B017
```

Namba 17 inatangulia tarehe ya kuisha muda, kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, na 10 inatangulia bechi. Hizo sifuri mbili mwishoni mwa tarehe zina maana: siku haikutajwa, basi hesabu siku ya mwisho ya mwezi. Dawa iliyoandikwa 09/2026 ni halali hadi tarehe 30 Septemba. Kijana wetu mmoja alikuwa akiziingiza kama tarehe 1, na dawa ambazo bado ni halali zikawa zinatolewa rafuni mwezi mmoja kabla ya wakati. Hiyo ni hasara tu. Kosa la bechi ni baya zaidi.

Baada ya kuunganisha namba zile mbili, hesabu ilionekana safi. Katoni 40 za chupa 24 ni chupa 960. Mfumo ulisema zimetoka 712 kwa wateja 19, zimebaki 248. Tukaenda kuhesabu rafuni. Zilikuwepo 296.

Hapa ndipo wengi hushusha pumzi: si afadhali zimezidi? Mimi nilishtuka. Chupa 48 ni katoni 2 kamili, na katoni haziongezeki zenyewe. Nikaomba tuhesabu bechi iliyokaa jirani, sharubati ileile ila inayoisha muda baadaye, 24C003. Mfumo ulisema 360, rafuni zilikuwa 312. Pungufu ya 48. Maana yake kuna wateja walioandikiwa 24B017 lakini walipelekewa 24C003.

Sababu yake ni ya kawaida sana. Mfumo ulipangwa utoe kwanza kinachoisha muda mapema, ile wanayoiita FEFO, na ulikuwa ukipendekeza 24B017 kila mara kama inavyotakiwa. Lakini mpakiaji alikuwa na bodaboda inayopiga honi nje, akachukua katoni iliyo karibu na mlango, kisha akabonyeza `Validate`, kitufe cha kuthibitisha. Mfumo ukarekodi pendekezo lake wenyewe, si kilichobebwa. FEFO ya kwenye skrini inaweza kuwa kamilifu miaka miwili huku rafu ikifuata sheria ya mlango.

Meneja alitaka tuwapigie simu wale 19 tu. Nilikataa. Tofauti ya katoni 2 ni matokeo baada ya kutoa na kujumlisha. Inaweza kuwa katoni 2 zilizokwenda upande mmoja, au 5 upande mmoja na 3 upande mwingine, na zile za upande mwingine ndizo za hatari, kwa sababu mteja ana bechi iliyozuiwa na jina lake halimo kwenye orodha. Nikatoa orodha ya walionunua 24C003 pia. Walikuwa 8, watatu wakiwa tayari kwenye ile ya kwanza, hivyo jumla ikawa maduka 24. Swali kwenye simu lilikuwa moja: "Dada, naomba ushike katoni unisomee namba ya bechi." Hatukuwaambia ankara inasema nini.

Mama mmoja wa Tandika, ambaye kwa mfumo alinunua 24C003 peke yake, akasoma: "24B017." Katoni nzima, haijafunguliwa. Na maduka mengine mawili yalikuwa na katoni 3 za 24C003 zilizoandikwa kama 24B017. Tatu kutoa moja, ndiyo ile mbili yetu. Tungefuata orodha ya mfumo, katoni ya Tandika ingeuzwa chupa moja moja hadi iishe.

Tulibadilisha mambo machache. Mpakiaji sasa anaskani bechi ya katoni anayoibeba, na ikitofautiana na pendekezo, inarekodiwa aliyoiskani na msimamizi anaona. Bechi mbili za dawa moja hazikai rafu moja. Namba ya bechi inachapwa kwenye hati ya kupelekea mzigo, na mteja anailinganisha kabla ya kusaini. Inachelewesha upakiaji, sitaficha, na wiki ya kwanza nilisemwa sana.

Lingine ni karantini, mahali pa kutengea mzigo uliozuiwa. Nilikuwa nimeifungua ndani ya `WH/Stock`, eneo kuu la stoo kwenye mfumo, na maagizo ya mauzo huchukua mzigo humo na kwenye matawi yake yote. Chupa zilizorudi Jumamosi, Jumatatu mfumo ukazitenga kwa oda ya Temeke! Tuliziwahi mlangoni. Iwekwe nje ya tawi hilo, mfano `WH/Karantini`, na mzigo unaorudi upokelewe moja kwa moja huko pamoja na namba yake ya bechi.

Ukiwa Odoo, angalia pia kwamba FEFO hupanga kwa `Removal Date`, tarehe ya kuitoa dawa rafuni, si `Expiration Date`, ya kuisha muda. Sisi hiyo ya kwanza tumeiweka siku 90 kabla ya kuisha muda, maana duka la Mbagala halitaki dawa iliyobakiza wiki tatu. Kwa mashine za kupimia presha tunatumia seriali namba, kila moja na yake, na huko matatizo ni machache kwa sababu mashine moja haichanganyiki na nyingine kwenye hesabu.

Hesabu ya mwisho tuliyoambatanisha kwenye ripoti ilianzia kwenye rafu. Chupa 960 kutoa 296 ni 664 zilizotoka kweli, si 712. Zilirudi 391. Zilizobaki, 273, maduka yalisema zimeshauzwa. Hapo ndipo uwezo wa mfumo wetu unapoishia: unaonyesha nani alituuzia na nani tulimuuzia. Duka linapompa mzazi chupa moja, risiti huandika jina la dawa na bei, bila bechi. Kwa hizo 273 tuliwapa wenye maduka karatasi ya tangazo wabandike dirishani, yenye namba ya bechi kwa herufi kubwa, na sifuri yake tumeikata mstari katikati.