Sola ya shule: bajeti isiyo na betri za kubadilishia haijakamilika

Mwalimu mkuu wa shule ya kata wilayani Chamwino ameniuliza achague ipi kati ya bajeti mbili alizoletewa na mafundi, moja ya shilingi milioni 3.6 na nyingine milioni 4.2. Kamati ya shule inaegemea ile ya chini. Nimezipitia zote: paneli ni zilezile, inverta ileile, ufundi uleule. Tofauti yote iko kwenye betri, kwa hiyo nitakaa hapo.

Anza na matumizi, si bei. Madarasa 4 ya kujisomea usiku, kila moja taa 4 za wati 10, kwa saa 4, ni wati-saa 640. Taa 4 za ulinzi za wati 10 zikiwaka saa 12 ni 480. Kompyuta mpakato 2 za ofisini, mchana, ni 600, na simu 100. Jumla 1,820 kwa siku. Ukiongeza upotevu wa vumbi, joto, nyaya na inverta, paneli zizalishe kama 2,600. Kwa saa 5 za jua kamili unahitaji wati 520, hivyo paneli 2 za wati 300 zinatosha.

Sasa usiku. Taa peke yake ni 1,120, na ukihesabu upotevu wa inverta betri inatoa takriban 1,240. Betri 2 za jeli za volti 12, ampea-saa 200, zina wati-saa 4,800, kwa hiyo usiku mmoja unakula robo tu. Hata siku ya mawingu, kompyuta nazo zikitegemea betri, hazishuki chini ya nusu. Bajeti ya chini imeweka betri 2 za ampea-saa 100, yaani 2,400. Hizo zinavuka nusu kila usiku, na wingu la siku moja linakaribia kuzimaliza. Betri ya jeli ikizoea kushushwa hivyo bila kujazwa kikamilifu, salfeti inaganda kwenye sahani zake na uwezo wake haurudi tena.

Hizi ndizo hesabu za milioni 4.2, na wewe weka bei za duka la kwenu: paneli 600,000, betri 1,400,000, inverta ya volti 24 wati 1,000 kwa 500,000, kidhibiti chaji 250,000, taa, nyaya, fyuzi, fremu na waya wa ardhi 900,000, fundi na usafiri 550,000. Ufundi msiubane. Humo ndimo mnamolipia fyuzi iliyokaa karibu na betri, waya mnene na mfupi kati ya betri na inverta, na paneli zilizoinama nyuzi 10 hadi 15 kuelekea kaskazini ili mvua izioshe.

Sehemu ambayo bajeti zote mbili zimeiacha ni ya kubadilisha. Betri za 1,400,000 zikidumu miaka 4 ni 350,000 kwa mwaka. Zile ndogo, za 800,000, zikifika miaka 2 ni 400,000 kwa mwaka. Bajeti ya chini ndiyo ghali! Inverta na kidhibiti vikihesabiwa miaka 10 ni 75,000 kwa mwaka, taa na fyuzi 55,000. Kwa betri kubwa, shule itenge 480,000 kwa mwaka, sawa na 40,000 kila mwezi, kuanzia mwezi wa kwanza, kwenye fungu lisiloguswa na mahafali wala chaki.

Mkiweza kuanza na mtaji mkubwa zaidi, betri moja ya lithiamu ya volti 24, ampea-saa 100, inabeba mzigo huuhuu kwa sababu inaruhusu kutumiwa hadi asilimia 80. Kwa bei ya 2,000,000 na miaka 10 ya kazi ni 200,000 kwa mwaka. Hakikisheni tu kidhibiti chaji kina mpangilio wa lithiamu.

Kwa betri za jeli, mwalimu mmoja apime volti kila Jumatatu alfajiri, jua halijapiga paneli na mzigo umezimwa. Zote mbili kwa pamoja zikisoma 24.4 au zaidi, salama. Zikishuka chini ya 24.0 wiki hadi wiki, mtu ameongeza mzigo, mara nyingi pasi, birika au mashine ya kunyolea, au paneli zimejaa vumbi. Pimeni pia kila betri peke yake. Zikitofautiana kwa zaidi ya volti 0.3, moja inakufa. Hapo fundi atawashauri mnunue moja tu. Kataeni. Betri kuukuu hujaa na kuisha mapema, mpya inabaki bila kujazwa vizuri, na baada ya miezi nayo inachoka. Badilisheni zote mbili siku moja, na za zamani zirudisheni kwa muuzaji anayekusanya madini ya risasi yaliyomo ndani yake, kwani huwa na bei.