Mfalme na ngome hawabadilishani

Swali: "Mwalimu wa klabu yetu ya sataranji hapa Iringa anasema mfalme na ngome 'wanabadilishana'. Kwenye karatasi ya mchezo tuandike nini, Mg1 au kitu kingine? Na je, tunaruhusiwa kutumia herufi za Kiswahili?" (Mwanafunzi wa kidato cha tatu)

Andika `O-O` mfalme akienda upande wake, na `O-O-O` akienda upande wa malkia. Huweki herufi ya kete wala jina la mraba. Vitabu vya sheria za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, vinachapa sifuri, programu za kompyuta zinataka herufi kubwa O. Kwa kalamu ni duara lile lile.

Ila hilo neno "kubadilishana" nalisikia Mbeya, nalisikia Njombe, nalisikia Iringa, na kila ninapolisikia linaniudhi. Kiambishi -an- kina kazi yake, kinadai wawili watendane. Tuseme umepanda basi Uyole unakwenda Makambako. Wewe umekaa dirishani, jirani yako amekaa upande wa njia. Mkibadilishana viti, wewe utakaa alipokuwa yeye na yeye atakaa ulipokuwa wewe. Ukihamia siti ya nyuma na yeye akasogea dirishani, hamjabadilishana. Wewe umehama, na yeye amehama.

Sasa tazama ubao. Mfalme mweupe yuko e1, ngome iko h1. Mfalme anasogea miraba miwili hadi g1, kisha ngome inamruka na kutua f1. Hakuna aliyekaa mahali pa mwenzake: e1 imebaki tupu, h1 imebaki tupu. Upande wa malkia ni vivyo hivyo, mfalme anatua c1 na ngome inatua d1. Hapo kubadilishana kuko wapi?

Mimi husema mfalme "ameingia ngomeni", kwa hatua fupi au kwa hatua ndefu. Kiswahili chake ni safi, na kinaeleza sababu ya tendo lenyewe: mfalme anakimbilia usalama. Maduara nayo yana hesabu nyepesi ya kukumbuka. Ngome ikisogea miraba miwili unaandika mawili, ikisogea mitatu unaandika matatu.

Usidhani nagombania neno tu. Juni moja yenye baridi kali nilisimamia michezo ya wanafunzi Mafinga. Jioni nikakaa kurudia mchezo mmoja kwa karatasi ya aliyecheza na kete nyeusi. Mweupe aliandikiwa `O-O`, vizuri. Hatua ya 14 mweusi akaandika `Nf3`, farasi kwenda f3. Farasi wa f3 anamfikia mfalme aliye g1, kwa hiyo ilikuwa lazima pawe na cheki, lakini alama ya kujumlisha haipo, na mweupe hakuhangaika na mfalme wake. Alijibu `Re3`. Ngome ipi hiyo? Ya f1 haiwezi kufika e3 kwa hatua moja, na ya a1 ilikuwa bado imefungiwa pembeni. Nilipanga na kupangua kete mpaka chai ikapoa. Kisha nikachukua karatasi ya mweupe, kijana aliyecheza akiwa na koti juu ya sare, nikakuta ameandika `K-R`. Alifundishwa kwamba wanabadilishana, naye akabadilisha kweli: mfalme h1, ngome e1. Mwenzake hakugutuka. Kutoka h1 cheki haipo, na kutoka e1 ngome inapanda hadi e3 bila tatizo. Mchezo mzima uliharibika kwa kitenzi kimoja, na mtoto yule hana kosa. Alitii lugha aliyopewa.

Kuhusu herufi, sheria za FIDE zinamruhusu mchezaji kutumia herufi ya kwanza ya jina la kete linalotumika nchini kwake. Wafaransa huandika C kwa farasi, Wajerumani S. Shida yetu ni kwamba mfalme na malkia wote wanaanza na M, kwa hiyo hiyo Mg1 yako haisemi ni nani aliyekwenda g1. Warusi walikwama hapo hapo, kwa sababu kwao mfalme na farasi wanaanza na herufi moja. Mfalme wakampa herufi mbili. Hata N ya Waingereza imetokana na kugongana, maana K ilishachukuliwa na mfalme, farasi akapewa herufi ya pili inayosikika. Nasi tungeweza kuandika Mf na Mk. Lakini N ndiyo inayonitisha zaidi, kwa sababu kwetu ingekuwa ngome na kwa dunia nzima ya simu na kompyuta ni farasi. Tazama mtego huu unaobeba jina la Emanuel Lasker, bingwa wa dunia kuanzia 1894 hadi 1921:

```
1. d4 d5 2. c4 e5 3. dxe5 d4 4. e3 Bb4+
5. Bd2 dxe3 6. Bxb4 exf2+ 7. Ke2 fxg1=N+
8. Ke1 Qh4+ 9. Kd2 Nc6 10. Bc3 Bg4
11. Qe1 O-O-O+
```

Askari hana herufi. Anapokula, unaanza na safu aliyotoka: `dxe5`, askari wa safu ya d amekula e5. Ni "kula", kama kwenye drafti. Anayesema "amekapcha" amedharau neno alilokua nalo. "Cheki" nimeichoka kuipinga, ibaki. Neno sataranji lenyewe lilitufikia kwa Waarabu, nao walilipata kwa Waajemi, na wao India, likiwa na maana ya jeshi la sehemu nne. Mgeni wa kwanza kwenye mchezo huu si cheki.

Hatua ya 7 ndiyo ya kuandika kwa uangalifu. Askari mweusi anakula g1 na kupanda cheo, na kete anayogeuka inaandikwa papo hapo, la sivyo hatua haijakamilika. FIDE huandika `fxg1N`, kompyuta huongeza alama ya usawa. Hapa amegeuka farasi, kwa sababu akigeuka malkia mweupe anajibu `Qxd8+`, mfalme mweusi anamla huyo malkia, kisha ngome ya h1 inamla malkia mpya pale g1. Msomaji anayedhani N ni ngome ataweka ngome g1, na ngome hiyo haimpi cheki mfalme wa e2, kwani ngome huenda wima au mlalo tu, na e2 haiko kwenye safu wala mstari wa g1. Alama ya cheki itamsuta. Kwa hiyo tumia K kwa mfalme, Q kwa malkia, R kwa ngome, B kwa askofu na N kwa farasi. Ukishikilia herufi za Kiswahili, ziandike na maana zake juu ya karatasi kabla ya hatua ya kwanza.

Na hatua ya 11 nimpelekee mwalimu wako, kwa heshima zote. Mfalme mweusi ametoka e8 kwenda c8, ngome imetoka a8 kwenda d8. Safu ya d iko wazi kabisa hadi chini, na mfalme mweupe amesimama d2, ndiyo maana pana cheki. Wangekuwa wamebadilishana, ngome ingekaa e8 ikitazamana na askari wa e5, mfalme angejikunyata a8, na hiyo alama ya kujumlisha isingekuwa na pa kutoka.