Boksi likimeza mistari ya mwisho, usikimbilie kupunguza fonti

Tangazo la Kiswahili huweka jambo zito chini kabisa. Juu kuna jina la chama, kichwa cha habari, salamu na maelezo ya uongozi. Mambo ambayo msomaji anayafuata, yaani aje na nini, afike saa ngapi na ampigie nani, yanakaa mistari miwili ya mwisho. Na boksi la maandishi kwenye Word likizidiwa, linakata huko huko chini. Halikati salamu hata siku moja.

Nafanya kazi ya kuchapa na kupanga matangazo kwenye steshenari hapa Mtwara mjini. Msimu wa salfa ya mikorosho ukikaribia, na baadaye minada ya korosho ikianza, vyama vya msingi vya ushirika vinaleta matangazo kwa wingi, na karibu yote yanafika kwa njia moja: katibu ameandika ujumbe mrefu kwenye WhatsApp, anataka utoke kwenye karatasi ya A4 wenye nembo juu na nafasi ya mhuri chini. Maneno yanakopiwa, yanabandikwa kwenye boksi ndani ya Word, yanawekwa katikati, printa inanguruma. Hakuna anayegundua kitu, kwa sababu Word haisemi. Maneno yaliyozidi hayajafutika, yamo ndani ya boksi, ila yamejificha chini ya ukingo. Hakuna alama nyekundu wala onyo.

Chukua tangazo moja la aina hiyo, la mkutano wa wanachama kuhusu mgao wa salfa, lililotoka chama kimoja upande wa Tandahimba. Lilikuwa na mistari 14 mifupi, kila mmoja umeanzishwa kwa kubonyeza kitufe cha kushuka chini kwenye simu. Boksi lilikuwa na kimo cha sentimita 12, fonti Calibri ya 14. Kwa macho unasema mistari 14 haiwezi kujaza sentimita 12. Kwenye karatasi ikatoka 12. Iliyokosekana ni huu, “Kila mwanachama aje na kitambulisho na namba ya akaunti ya benki,” na chini yake namba ya simu ya katibu.

Katibu alipiga simu akiwa ameshabandika baadhi. “Kaka, mbona hapa hapana namba yangu? Mimi niliituma.”

“Uliituma, mzee. Nimelivuta boksi sasa hivi, imo ndani. Haikupata nafasi ya kuonekana.”

“Sasa iingize bwana, punguza maandishi kidogo.”

Hapo ndipo wengi wanapokwenda moja kwa moja: 14 inakuwa 12, mistari inarudi, kazi imekwisha. Lakini tangazo la ukutani linasomwa na mtu aliyesimama hatua mbili tatu nyuma ya wenzake, na wanachama wengi wa hivi vyama ni watu wazima ambao miwani wameiacha nyumbani. Fonti ndiyo kitu cha mwisho kuguswa. Kwanza tafuta nani amekula nafasi.

Mara nyingi aliyekula ni nafasi iliyo chini ya kila aya. Word za miaka hii, ukifungua waraka mpya, zinaongeza zenyewe pointi 8 za uwazi baada ya kila aya, na zinatanua nafasi kati ya mistari kuwa 1.08 au zaidi kidogo kwenye zile mpya kabisa. Ukiandika barua yenye aya nne huoni tatizo. Ila ujumbe wa simu uliopangwa mstari mmoja mmoja, Word inauhesabu kila mstari kuwa aya inayojitegemea. Kwa hiyo ule mgao wa pointi 8 umelipwa mara 14.

Piga hesabu uone. Sentimita moja ni pointi 28 hivi. Boksi la sentimita 12, ukiondoa ukingo mwembamba wa ndani juu na chini, linabaki na kama pointi 333. Mstari mmoja wa Calibri 14 ukitanuliwa kwa 1.08 unachukua takriban pointi 18 na nusu, ongeza 8 za chini yake, unapata 26 na nusu. Mistari 12 inakula 318. Mstari wa 13 unahitaji pointi 18 na nusu nyingine na zilizobaki ni 15. Umekosa nafasi kwa milimita moja na ushee tu, na hiyo ndiyo iliyoondoka na kitambulisho, akaunti ya benki na namba ya simu.

Dawa yake haichukui dakika. Bofya ndani ya boksi, bonyeza Ctrl+A ili uchague maneno ya boksi hilo peke yake, kisha fungua dirisha la Paragraph. Kwenye After weka 0, kwenye Line spacing chagua Single. Mistari ile ile 14, fonti ile ile 14, sasa inachukua pointi 240 hivi, na zaidi ya sentimita tatu zimebaki wazi. Lakini usiache hivyo, maana tangazo lililobanwa lote linachosha macho. Rudisha pointi 4 chini ya kila mstari, zinatosha kuleta pumzi na bado boksi halijai. Kama mistari miwili ni ya kitu kimoja, tuseme mahali na saa, itenganishe kwa Shift+Enter badala ya Enter. Hapo Word inaiona kuwa aya moja na haiweki uwazi kati yake.

Ukibandika ujumbe wa simu angalia pia mistari mitupu. Makatibu wanapenda kuruka mstari kati ya kila hoja, na mstari mtupu unachukua nafasi sawa na mstari wenye maneno. Ifute, uwazi utauweka mwenyewe.

Kuna njia ambayo watu huifurahia wakiijua: bofya ukingo wa boksi kwa kitufe cha kulia, Format Shape, nenda Layout & Properties, sehemu ya Text Box, weka tiki kwenye Resize shape to fit text. Boksi linakua lenyewe maneno yakizidi. Mimi naitumia wakati wa kuandika tu, ili nione maneno yote yanataka kimo gani, halafu naitoa. Ukiiacha, boksi linashuka chini bila kuuliza na kufunika kilichopo, na kwenye matangazo yetu kilichopo chini ni sehemu ya sahihi na mhuri. Boksi likiwa na rangi nyeupe ya ndani, sahihi inapotea chini yake na unabaki na tatizo lile lile mahali pengine.

Ukishabana nafasi na bado maneno hayaingii, basi maneno ni mengi, na hapo unatakiwa kuongea na mteja. Hii ndiyo sehemu ngumu ya kazi. Tangazo la chama linaanza hivi: “Uongozi wa chama unapenda kuchukua nafasi hii kuwatangazia wanachama wake wote kwamba kutakuwa na mkutano mkuu wa wanachama utakaofanyika siku ya Jumamosi.” Kwenye boksi ni mistari mitatu. Ukiweka “Mkutano wa wanachama wote, Jumamosi” kwa herufi kubwa, umepata mistari miwili bure na mtu anayepita na baiskeli ameshasoma. Lakini usiikate mwenyewe kimya kimya. Kuna makatibu wanaoona tangazo bila “unapenda kuchukua nafasi hii” ni kama kuingia kwa watu bila hodi, na jina lililo chini ya tangazo ni lao. Mimi nachapa nakala mbili za mfano, moja ndefu yenye fonti ndogo na moja fupi yenye fonti kubwa, nazibandika ukutani dukani, namwambia mzee arudi nyuma hadi mlangoni achague. Wengi wanachagua fupi. Wachache wanabaki na salamu zao, na ni haki yao, tunahamia A3.

Sababu nyingine ya mistari kupotea ni kubadilisha kompyuta. Mteja amepanga tangazo nyumbani kwa Arial Narrow, fonti nyembamba, akaleta faili la Word kwenye flashi. Kompyuta inayochapa haina fonti hiyo, inaweka Arial ya kawaida ambayo ni pana zaidi. Kila mstari uliokuwa umejaa unamwaga neno moja au mawili kwenye mstari unaofuata, boksi kimo chake ni kile kile, na chini kunakatwa. Hapa tatizo utalijua kwa macho: sura ya maandishi siyo aliyoiona mteja kwake, na mistari imekatika sehemu zisizo na mpango. Usihangaike kurekebisha nafasi. Mwombe alete PDF iliyotengenezwa kwenye kompyuta aliyopangia. Kama lazima iwe Word, kabla ya kuhifadhi aende File, Options, Save, aweke tiki kwenye Embed fonts in the file. Na faili lililofunguliwa na kuhifadhiwa tena kwenye simu njiani, lichukulie kama limebadilika hata kama mteja anaapa hakugusa kitu.

Majarida ya shule na ya parokia tunayapanga kwa Publisher, na huko mambo ni afadhali. Boksi likizidiwa unaona kiboksi kidogo chenye nukta tatu pembeni, chini kulia. Ukikibofya, kishale kinageuka kuwa jagi. Bofya kwenye boksi jingine tupu, hata kama liko ukurasa wa nne, na maneno yaliyozidi yanamwagika humo. Ila boksi la mwisho kwenye mnyororo huo nalo linaweza kuzidiwa, na kwa kuwa liko kurasa za nyuma hakuna anayelitazama. Kabla ya kuchapa nenda File, Info, Run Design Checker, itakuonyesha boksi lenye maneno yaliyobaki nje. Publisher ina pia Shrink Text On Overflow, inayopunguza fonti yenyewe hadi maneno yaingie. Siipendi. Habari ya mwalimu mkuu inatoka kwa 11, matokeo ya mitihani kwa 8, na gazeti zima linaonekana limeshonwa na mafundi watatu.

Kwenye Word ukaguzi ni wa mkono. Bofya ndani ya boksi, Ctrl+A, kopi, bandika kwenye ukurasa mtupu, kisha linganisha mstari wa mwisho wa ukurasa huo na wa mwisho unaoonekana kwenye tangazo. Au shika ukingo wa chini wa boksi uuvute chini. Kama kuna mstari unaochungulia, ulikuwa umefichwa. Ctrl+Z inarudisha boksi lilipokuwa. Nakala ya kwanza ikitoka kwenye printa, mpe mteja asome akianzia chini kwenda juu, huku ujumbe wake wa simu uko wazi mkononi. Ukimwacha aanzie juu, akifika katikati ameshaanza kutafuta hela mfukoni.